Acheni kuwaandikia watoto wetu "Ongeza bidii"

Kila muhula ukifungwa, watoto wa Kitisuru hurudi nyumbani na ripoti, na maneno ya walimu ni yale yale. "Ongeza bidii." "Jitahidi zaidi." "Ana uwezo wa kufanya vyema." "Kazi nzuri, endelea hivyo hivyo." Nimeyasoma katika ripoti za shule za kulipia ambazo mabasi yake ya manjano huchukua watoto mlangoni kwenye Barabara ya Lower Kabete. Nimeyasoma pia katika ripoti za shule za umma wanakosoma watoto wa Kibagare, kule upande wa Loresho, ambao huenda shuleni kwa miguu. Karo zinatofautiana kama mbingu na ardhi, lakini maneno ni mamoja, na hayamsaidii mtoto wa upande wowote.

Nasema wazi: mwalimu anayeandika "Ongeza bidii" chini ya insha ya mtoto hajatoa maoni. Ameweka alama ya kuonyesha kwamba alipita hapo. Mtoto hajaambiwa alichokosea wala alichopatia, na hajui ashike nini kesho akikaa tena na kalamu. Ni wakati wa kuacha desturi hii, na kazi ianzie katika madaftari ya insha za Kiswahili, kwa kuwa hapo ndipo inapoumiza zaidi.

Kwa nini insha? Hesabu isipotoka, mtoto hulinganisha jibu lake na la mwenzake akaona mahali walipoachana. Insha haina jibu la kulinganishwa. Mtoto ameandika kurasa mbili, amepewa 8 kwa 20, na karatasi yenyewe haimwambii zile 12 zilienda wapi. Anayeweza kumwambia ni msomaji aliyeisoma. Msomaji huyo akinyamaza, au akisema neno linaloweza kuandikwa chini ya insha yoyote, mtoto hubaki kubahatisha. Atadhani tatizo ni mwandiko. Atadhani misemo haikutosha. Wengine watadhani mwalimu hawapendi. Na wakishadhani hivyo, insha inayofuata itakuwa na mapambo mengi zaidi na makosa yale yale.

Ngoja nionyeshe kwa mfano. Aya hii nimeitunga mwenyewe kutokana na makosa ambayo kila mwalimu wa Kiswahili mjini Nairobi anayajua. Tuseme mwanafunzi wa Gredi ya 8 ameambiwa aandike kuhusu siku ya mvua kubwa, naye ameanza hivi:

"Nilirauka alfajiri na mapema kabla jogoo hajawika. Jua lilikuwa likichomoza kwa haiba huku nyuni wakimsifu Mola kwa nyimbo tamu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na maji ilikuwa imeingia kwa nyumba yetu na viatu zangu zilikuwa zinaelea na mamangu alikuwa anatoa maji na sufuria na mimi nikaogopa sana na tukatoka inje."

Mwalimu wa kwanza anaandika: "Jaribu zaidi. Zingatia sarufi." Mwalimu wa pili, mwenye roho nzuri, anaandika: "Kazi nzuri! Una kipaji." Wote wawili wamemnyima mtoto haki yake. Wa kwanza ametaja sarufi, lakini sarufi ni bahari nzima, na mtoto hajui aingilie upande gani. Wa pili amemsifu mtoto mwenyewe na kuiacha kazi. Mtoto akiulizwa kipaji hicho kimeonekana katika sentensi ipi, hatajua, na huenda akaonyesha ile ya nyuni na Mola, sentensi dhaifu kuliko zote katika aya hiyo.

Sasa isomeni tena kama wasomaji. Kuna kitu kimoja pale ambacho hakuna kitabu cha misemo kingeweza kumpa mtoto huyu: viatu vinaelea ndani ya nyumba, na mama anachota maji kwa sufuria. Huyo ni mtu aliyeona. Kabla ya hapo kuna sentensi mbili za kukariri ambazo zinapigana zenyewe kwa zenyewe, maana jogoo hajawika na jua tayari linachomoza, na mvua iliyonyesha usiku kucha haijawanyamazisha ndege. Kisha kuna kosa moja la sarufi linalojirudia, nalo ni upatanisho: "maji ilikuwa", "viatu zangu zilikuwa". Hayo si makosa mawili yaliyotokea kwa bahati. Ni mazoea mamoja, ni namna tunavyozungumza mitaani Nairobi, na mtoto hatayaacha mpaka aonyeshwe kwamba ni mazoea. Mwisho kuna sentensi iliyobeba "na" tano za kuunganisha, moja baada ya nyingine, hadi tukio la kutisha likapotea katikati ya msururu.

Mwalimu anayeijua kazi yake angeandika hivi: "Viatu vinavyoelea na mama mwenye sufuria vimenifanya nione nyumba yenu. Anzia hapo, ufute sentensi mbili za kwanza. Pili, maji yako katika ngeli ya YA-YA na viatu ni KI-VI: maji yalikuwa yameingia, viatu vyangu vilikuwa vinaelea. Katika aya ya pili kuna makosa mengine matatu ya aina hiyo. Yatafute, uyapigie mstari na kuyasahihisha kabla ya Ijumaa."

Maoni hayo ni maneno yasiyofika 60. Hayakutaja "inje" iliyopaswa kuwa "nje". Hayakutaja "na sufuria" iliyopaswa kuwa "kwa sufuria". Hata ule msururu wa "na" yameuacha, usubiri insha ijayo. Mwalimu ameyaona yote hayo, na ameamua kwa makusudi kuchagua mambo mawili. Mtoto anayerudishiwa daftari lililojaa wino mwekundu kutoka juu hadi chini hasomi kitu. Hugeuza ukurasa haraka wenzake wasione. Lakini mtoto aliyepewa kazi mbili, moja ya maudhui na moja ya lugha, anaweza kuzifanya zote mbili jioni ile ile. Zaidi ya hayo, mwalimu hakumsahihishia kila kosa. Amemwonyesha mawili na kumwachia matatu ayatafute, kwa sababu kosa ulilolitafuta mwenyewe ndilo unalojifunza kuliona.

Hakuna jambo jipya katika ninayosema. Mwaka 1982, mtafiti Mmarekani Nancy Sommers alichapisha uchunguzi wa maoni ambayo walimu 35 wa vyuo vikuu vya New York na Oklahoma waliandika kwenye insha za wanafunzi wao. Aligundua kwamba mengi ya maoni yale hayakufungamana na insha yenyewe. Ungeweza kuyatoa chini ya insha moja, ukayagonga kama muhuri chini ya insha nyingine, na hakuna ambaye angetambua. Aligundua pia kwamba walimu wale wale walimwambia mwanafunzi asahihishe koma katika aya ambayo walimwambia pia aiandike upya, hata mwanafunzi akashindwa kujua lipi ni zito. Zaidi ya miaka 40 imepita, na muhuri ule ungali ukigongwa hapa kwetu.

Basi hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na mzazi yeyote anaweza kukitumia leo usiku. Chukua maoni yaliyoandikwa katika daftari la mwanao, uyafikirie chini ya insha ya mtoto wa jirani. Yakikaa vizuri huko pia, mwalimu hajaisoma insha ya mwanao, au ameisoma na hajaonyesha. Kipimo cha pili ni kutafuta kitenzi. Je, kuna tendo ambalo mtoto anaweza kulifanya kwa mkono wake: futa, kata, hamisha, ongeza mfano, badilisha ngeli? "Zingatia" si tendo la mkono. "Boresha" wala "jitahidi" si tendo la mkono. Ukipeleka gari kwa mekanika akakwambia "gari lako liboreshwe", hutamlipa. Utamwuliza ni breki, ni klachi au ni betri. Mbona tunamlipa mwalimu anayemwambia mtoto hivyo hivyo?

Kipimo hicho kinazihusu sifa pia, na hapa ndipo wazazi wa nyumba kubwa za Kitisuru wanapodanganywa kwa upole. "Kazi nzuri, endelea hivyo hivyo" ni maneno matamu, na katika shule nyingi za kulipia ndiyo yanayoandikwa zaidi, kwa kuwa mzazi aliyelipa hataki kusikia vibaya. Watoto hao wengi huzungumza Kiingereza nyumbani, na Kiswahili wanakutana nacho katika kipindi cha darasani. Aya zao huwa fupi na safi, kwa vile wamejifunza kukwepa kila neno wasilolijua. Mwalimu akisifu usafi huo bila kusema lolote zaidi, anawafundisha kuendelea kukwepa. Sifa yenye faida hutaja kitu na sababu yake: "Umeandika 'mlango ulilia ulipofunguliwa'. Hapo mlango umekuwa kama mtu, nami nimeusikia. Fanya hivyo kwa kitu kimoja kingine katika aya ya mwisho." Mtoto aliyeandikiwa hayo anajua alichofanya, na anaweza kukirudia kwa kukusudia. Aliyeambiwa "Vizuri sana" amefurahi tu, na furaha hiyo haitamfikisha kwenye insha inayofuata.

Lakini uchungu wangu mkubwa zaidi uko Kibagare, na ndio unaonifanya niandike. Mtoto wa nyumba kubwa akiletewa "Ongeza bidii", mama yake humpigia simu mwalimu wa masomo ya ziada. Mwalimu huyo huja Jumamosi, hukaa naye mezani na kumwonyesha mstari kwa mstari kile ambacho mwalimu wa shule hakukiandika. Yaani maneno matupu ya ripoti hutafsiriwa kwa fedha. Mtoto wa Kibagare hana wa kumtafsiria. Mama yake ametoka alfajiri kwenda kufua nguo katika nyumba zile zile, na akirudi usiku akasoma "Ongeza bidii", anaamini kile kilichoandikwa: kwamba mwanawe ni mvivu. Humkaripia. Pengine humchapa. Mtoto aliyekesha na insha yake, hakulala mpaka mshumaa ukaisha, anaadhibiwa kwa uvivu ambao hana, huku kosa lake halisi likiwa ngeli mbili ambazo hakuna aliyemwonyesha. Kwa hiyo maoni matupu si uzembe mdogo wa kalamu. Humtoza maskini kile ambacho tajiri anaweza kukilipa, na maskini hukilipa kwa miaka yake ya shule.

Tuliambiwa mtaala mpya ungetutoa huko. Umilisi ulipoingia mashuleni kote nchini mwaka 2019, ahadi ilikuwa kwamba mtoto hataitwa tena nambari, ataelezwa anachoweza kufanya. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Leo ripoti zina viwango vinne: Kuzidisha matarajio, Kufikia matarajio, Kukaribia matarajio na Mbali na matarajio. Mpango wenyewe si mbaya. Miundo ya mtaala iliyoandikwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ina majedwali ya tathmini yanayoeleza katika kila mada mtoto wa kila kiwango anafanya nini. Maelezo yapo! Lakini yanabaki katika kabati la mwalimu, na kinachofika nyumbani ni herufi mbili tu. Mzazi anasoma kwamba mwanawe "anakaribia matarajio" na hajui ni matarajio yapi, wala ni hatua gani iliyobaki ili afike. Tumebadilisha nambari kwa herufi, na mtoto bado hajaelezwa.

Najua walimu watanijibu nini, na jibu lao lina haki yake. Watasema: njoo ufundishe darasa la watoto 60 ndipo uzungumze. Maoni ya namna hiyo huchukua dakika 4 kwa kila daftari. Madaftari 60 ni dakika 240, saa 4 nzima, kwa insha moja ya darasa moja, na mwalimu ana madarasa kadhaa. Hesabu hiyo ni sahihi, na yeyote anayemtaka mwalimu afanye hivyo kila wiki hajawahi kusahihisha. Lakini jibu la hesabu hiyo haliwezi kuwa kuandika maneno matupu mara 60. Maneno matupu nayo huchukua muda, na muda huo umepotea wote.

Gawa darasa katika makundi manne ya watoto 15. Wiki hii kundi la kwanza lipate maoni kamili, yaani saa 1 ya kazi. Madaftari ya wale 45 yapitiwe kwa macho tu, bila kuandika chochote, huku mwalimu akinakili kandokando kosa linalojirudia zaidi. Kosa hilo moja lifundishwe ubaoni Jumatatu kwa dakika 10, kwa sentensi zilizotoka katika insha zao wenyewe, bila kutaja aliyeziandika, kisha kila mtoto alitafute katika daftari lake. Wiki ijayo ni zamu ya kundi la pili. Katika muhula wa wiki 12 kila mtoto atakuwa amepata maoni kamili mara 3. Maoni matatu yanayofanyiwa kazi ni mengi kuliko "Ongeza bidii" 12.

Nimesema yanayofanyiwa kazi, na hapo kuna kosa jingine ambalo hata walimu hodari hulifanya. Huandika maoni mazuri kweli kweli, kisha huyaweka kando ya alama, wakarudisha madaftari na kuanza mada mpya. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya kwa wanafunzi wa shule nchini Israeli. Baadhi walipewa alama peke yake, baadhi maoni peke yake, na wengine vyote viwili pamoja. Waliopewa maoni peke yake ndio waliopiga hatua katika kazi iliyofuata na kubaki na hamu ya kuifanya. Waliopewa alama na maoni pamoja hawakufanya vizuri kuwashinda waliopewa alama tu. Mwalimu yeyote amewaona watoto wakirudishiwa insha: macho hukimbilia nambari, kisha humgeukia jirani kuuliza "umepata ngapi?", na maandishi yaliyobaki hayasomwi. Kwa hiyo alama ikae katika rejista ya mwalimu kwa siku mbili. Mtoto apewe maoni peke yake, pamoja na nusu kipindi cha kuandika upya aya moja mbele ya mwalimu. Alama isomwe baada ya marekebisho. Maoni yasiyotengewa muda wa kurekebisha ni wino uliomwagika.

Walimu wakuu, mna uwezo wa kulikomesha jambo hili bila kusubiri waraka kutoka Jogoo House. Kabla ya kutia saini ripoti za muhula huu, someni safu ya maoni. Kila mahali pasipotaja jambo moja mahususi ambalo mtoto amefanya na tendo moja la kufanya baadaye, mrudishieni mwalimu. Na mumpunguzie mzigo mwingine ili apate ile saa 1 ya wiki, maana hamwezi kudai kazi ya saa 1 na kumpa dakika 10.

Wazazi wenzangu, wa nyumba za geti na wa nyumba za mabati, siku ya wazazi ikifika msiulize mtoto amekuwa wa ngapi. Beba daftari la insha, lifungue mbele ya mwalimu, na kwa heshima yote uliza maswali matatu: Mwalimu, ni wapi hasa mwanangu alipofanya vizuri? Ni kosa lipi linalojirudia? Na wiki hii aandike nini upya ili aliache? Mwalimu aliyeisoma insha atajibu yote matatu kwa dakika 2, naye mshukuruni hadharani, kwa sababu anafanya kazi ambayo wengi wameiacha. Asiyeweza kujibu aombwe aisome insha ile kabla hajamwita mtoto mvivu.

Mtoto aliyeandika kurasa mbili ametimiza sehemu yake ya bidii. Bidii inayodaiwa sasa ni ya yule anayeshika kalamu nyekundu.